Umeacha ndizi, lakini dafu je?
Mazungumzo na wagonjwa wa figo na ndugu zao kuhusu matunda, mboga za majani na potasiamu

Shikamooni wazee wangu, na ninyi wengine habari za asubuhi. Nimeombwa nizungumze juu ya matunda na mboga za majani kwa mtu ambaye figo zimefika hatua ya nne au ya tano, au ambaye tayari anasafishwa damu kwa mashine. Nitaanza na mzee mmoja. Msimtafute hapa ukumbini, kwa sababu nimemuunda kutokana na wagonjwa wengi ninaokutana nao kazini.

Mzee huyu ana miaka 62, ana kisukari na shinikizo la damu, na anakaa kwenye mashine Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Jumatatu asubuhi damu yake inachukuliwa kabla hajaunganishwa, na kwenye karatasi ya majibu, kwenye mstari wenye herufi K, yaani madini ya potasiamu, imeandikwa 6.4. Kwa mtu mzima mwenye afya, namba hiyo hukaa kati ya 3.5 na 5.0. Ikipita 5.5 madaktari huanza kuhangaika, na ikifika 6.5 wanaihesabu kuwa ni dharura. Muuguzi anamuuliza, "Baba, umekula ndizi?" Mzee anakasirika kweli kweli. Ndizi hajagusa tangu mwaka jana! Mkewe anaapa kwamba nyumbani ndizi haziingii hata mlangoni.

Na wote wawili wanasema kweli. Basi tukae nao, tuihesabu Jumapili yao.

Asubuhi mzee alikunywa glasi moja ya juisi ya machungwa iliyokamuliwa nyumbani, haikutiwa sukari hata chembe, kwa sababu ya kisukari chake. Hapo pana miligramu 500 za potasiamu hivi. Mchana alikula wali na bakuli la mchicha uliokaangwa kwa kitunguu, nyanya na tui la nazi. Kikombe kimoja cha mchicha uliokwisha kupikwa kina miligramu 850 au zaidi, na nusu kikombe cha tui kinaongeza karibu 300. Baada ya kula akashushia kipande cha papai, kama 270. Alasiri joto likazidi, kijana akaenda barabarani akamletea dafu. Glasi moja ya maji ya dafu ina karibu miligramu 600, na mzee hakunywa glasi, alimaliza dafu zima. Tuseme 1,000.

Jumla inakaribia 2,900, na bado hatujahesabu samaki, nyanya za mchuzi wala chai ya maziwa ya usiku. Mgonjwa ambaye potasiamu yake inapanda kwa kawaida hupangiwa kati ya 2,000 na 3,000 kwa vyakula vyote vya siku nzima. Ile ndizi mbivu aliyoiacha kwa uchungu, ya ukubwa wa kati, ingekuwa na 420.

Sisi watu wa lishe tuna mkono katika jambo hili. Kwa miaka mingi tumewapa watu jina moja, ndizi, na wamelishika kama amri. Lakini figo haisomi majina ya matunda. Inapokea jumla ya potasiamu iliyoingia mwilini, na inapokuwa imechoka, kile isichoweza kukitoa kwenye mkojo kinabaki kwenye damu. Potasiamu ndiyo inayosaidia kuratibu umeme wa moyo. Ikizidi, mapigo yanaweza kupungua kasi, yakapoteza mpangilio, na moyo ukasimama. La kuudhi zaidi ni kwamba mara nyingi haitoi taarifa. Wengine huhisi miguu mizito, mwili hauna nguvu, au moyo unarukaruka, lakini wengine wanakuja hapa wanatembea wenyewe na kutania wauguzi huku K yao ni 6.8. Kwa hiyo msitegemee dalili, tegemeeni kipimo. Na mtu aliyekosa kikao cha mashine, halafu miguu ikaanza kulegea, asisubiri kesho wala asitafute cha kula cha kuishusha. Aende hospitali siku hiyo hiyo.

Kabla sijaingia jikoni, niwaondoe hofu baadhi yenu. Makatazo haya si ya kila mwenye ugonjwa wa figo. Kama uko hatua ya tatu na potasiamu yako ni 4.3, hakuna sababu ya kujinyima papai. Wanaosafishwa kwa njia ya tumbo nao mara nyingi hupewa uhuru zaidi, kwa sababu wanasafishwa kila siku. Nimewahi kuona watu waliotishwa na karatasi ya "vyakula vya marufuku" wakabaki na ugali, wali na nyama peke yake. Matokeo yake ni choo kigumu, na hapo ndipo wanapoharibu zaidi, kwa sababu figo zikishindwa kazi, utumbo mpana huchukua sehemu ya kazi ya kutoa potasiamu. Ukifunga choo siku nne, umeufunga na mlango huo. Isitoshe, potasiamu iliyomo kwenye mmea mzima haiingii yote kwenye damu, sehemu yake hutoka na makapi. Ile inayoongezwa viwandani kwenye vyakula na ile ya chumvi mbadala huingia karibu yote. Chumvi zinazouzwa kwa jina la "chumvi ya wagonjwa wa presha" nyingi zimetengenezwa kwa kloridi ya potasiamu. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi ya namna hiyo, ikiwa ni kloridi ya potasiamu tupu, kina potasiamu nyingi kuliko ndizi tano. Tafadhali someni pakiti.

Sasa matunda. Kitu cha kwanza cha kuangalia, kabla ya jina, ni hali yake: zima, juisi au kavu. Chungwa moja la kati lina kama miligramu 240, na ukilila unatosheka. Lakini glasi ya juisi inakula machungwa matatu, na unainywa kwa dakika moja ukiwa umesimama. Tunda lililokaushwa nalo limepoteza maji, potasiamu imebaki pale pale. Ndiyo maana ukwaju na ubuyu vinanipa wasiwasi kuliko ndizi. Gramu 100 za nyama ya ukwaju zina zaidi ya 600, na unga wa ubuyu unaupita ukwaju kwa mbali. Watu wanauona ubuyu ni kitu cha watoto, wanautafuna kidogo kidogo mchana kutwa, na hakuna anayeuhesabu kuwa amekula tunda.

Katika matunda mabichi, yale ya kuweka mbali kabisa namba yako inapokuwa juu ni parachichi, fenesi, ndizi na dafu. Nusu parachichi ina karibu 490. Kikombe cha fenesi kinapita 700, na nani anayekula fenesi kwa kikombe? Pera ni dogo lakini lina nguvu, moja tu linafikia kiasi cha chungwa zima. Embe lina hadhi ya katikati, ila hapa tunadanganywa na ukubwa. Dodo kubwa zima linaweza kupita miligramu 500, wakati vipande vichache vyake havifiki hata 200. Kwa hiyo sisemi usile embe msimu ukifika, nasema ukate, uweke vipande vyako kwenye sahani, na lililobaki waachie wajukuu.

Upande wa unafuu kuna tufaha, peasi na nanasi. Tufaha moja au kikombe cha nanasi lililokatwa hakizidi sana 200. Tikiti nalo liko humu, kikombe chake ni kama 170, lakini ni tunda la mtego. Hakuna mtu Dar es Salaam mwenye joto la Februari anayekula kikombe cha tikiti. Anakula kipande cha nusu kilo, hapo potasiamu imeshapita 500, na maji yote yale yanaingia kwenye hesabu ya maji aliyoruhusiwa kwa siku. Kwa mgonjwa ninayempa ruhusa ya matunda, kwa kawaida tunaanza na mara mbili kwa siku, kila mara kiasi kisichozidi 200 hivi, halafu tunaangalia damu inasema nini.

Kuna tunda moja ambalo sitalipimia kikombe. Ni lile la njano lenye pembe tano, ukilikata linatoa umbo la nyota. Kwa mtu ambaye figo zimeshindwa, hilo ni sumu, na kosa lake si potasiamu. Lina kemikali ambayo figo nzima huiondoa, lakini kwa mgonjwa hujikusanya na kuushika ubongo. Kwanza zinakuja kwikwi zisizokoma, halafu kutapika, kuchanganyikiwa, degedege, na watu wamekufa. Ukimwona mgonjwa wa figo ana kwikwi za ajabu baada ya kula tunda hilo, mpelekeni hospitali kwenye mashine, msimpe maji ya kunywa na kusubiri. Binamu yake ni birimbi, lile chachu tunalotia kwenye achari na mchuzi wa samaki. Juisi ya birimbi imewahi kuharibu figo za watu waliokuwa wazima, kwa wingi wa asidi ya oksaliki iliyomo. Nalo pia mliache.

Tuingie kwenye mboga za majani, ambako nadhani tuna kazi kubwa kuliko kwenye matunda. Mboga ya majani inapungua. Fungu la mchicha linajaza sufuria likiwa bichi, likiiva linabaki konzi mbili. Mtu anayaona majani machache kwenye sahani, na kumbe amekula fungu zima. Hii ndiyo sababu orodha nyingi zinawachanganya watu: zinaandika kikombe cha majani mabichi, ambacho hakina uzito wowote, na sisi tunakula kikombe kilichopikwa.

Mchicha ndio unaoongoza kwenye meza zetu. Spinachi ya masokoni kwetu, ile ya majani mapana na bua nene jeupe, inafuatana nao bega kwa bega, kikombe chake kilichopikwa kinapita 900. Majani ya maboga, kunde na matembele nayo yana potasiamu si haba. Kabichi ni habari nyingine kabisa. Nusu kikombe cha kabichi iliyochemshwa na kuchujwa kina kama miligramu 150. Sukuma wiki iliyochemshwa na kumwagwa maji iko karibu na kabichi, ndiyo maana wenzetu wa Nairobi wana nafuu kidogo kwenye jambo hili, mradi wasiikaange ikiwa mbichi.

Najua mnachotaka kuniuliza: nikiuchemsha mchicha, si potasiamu inatoka? Inatoka, lakini si yote. Zile miligramu 850 nilizozitaja kwenye bakuli la mzee wetu ni za mchicha uliochemshwa kwa kawaida na kuchujwa. Wa kwake uliokaangwa moja kwa moja, maji yake yakakaukia ndani, ulikuwa na zaidi. Kwa hiyo kuchemsha kunasaidia, lakini hakuufanyi mchicha uwe kabichi. Kipimo cha sahani lazima kipungue pia.

Namna ya kuchemsha ni hii. Chambua, osha, halafu katakata vyembamba kabisa, maana potasiamu hutokea kwenye sehemu iliyokatwa. Jani zima linabana kilicho ndani yake. Chukua sufuria kubwa: kwa kila kikombe cha mboga, maji vikombe vitano. Yachemke kwanza, ndipo utie mboga, iache mpaka ilainike kabisa. Mimina kwenye chujio, maji yote yaende, kisha ikandamize kwa mwiko mpaka ikome kutoa maji. Hapo ndipo unaunga kwa kitunguu na mafuta kidogo. Kuloweka tu kwenye maji baridi, kama wengi wanavyofanya usiku kucha, kunatoa kidogo sana. Kupika kwa mvuke nako hakutoi, kunahifadhi. Ni kweli kwamba njia hii inapoteza vitamini pia, hasa zile zinazoyeyuka kwenye maji. Kwa mtu mwenye K ya 6.4 nakubali hasara hiyo, kwa mwenye 4.5 siikubali.

Makosa yanayorudisha kila kitu nyuma ni matatu. La kwanza, mtu anachemsha vizuri, halafu anatumia yale maji kama supu au anapikia wali, kwa sababu "vitamini zisipotee". Potasiamu yote aliyoitoa anainywa. La pili ni kuunga kwa tui zito, karanga na nyanya ya kopo. Karanga na nyanya ya kopo zimejaa potasiamu, na kisamvu cha karanga ndicho kinachonitia hofu kuliko mboga yoyote ninayoijua, kwa sababu majani yametwangwa na kila kitu kinabaki chunguni. Anayekitamani sana achemshe yale majani yaliyotwangwa, amwage maji, aunge kwa tui jepesi, na ale vijiko vitatu. La tatu ni la ndugu zetu wa magharibi ya Kenya, ambao hulainisha mboga za kienyeji kwa maji ya majivu ya mimea, musherekha. Majivu ya mimea ni potasiamu kwa wingi, kwa hiyo hapo mpishi anaitia mwenyewe kwa kijiko. Magadi yana tatizo lake, ni sodiamu, yanavimbisha na kupandisha shinikizo.

Na zile juisi za kijani za "kusafisha figo", mchicha mbichi na parachichi na tangawizi kwenye blenda, sina la kuongeza. Mmeshajifunza kuhesabu.

Mwezi wa Ramadhani unanipa wagonjwa wengi. Wengi wa walio kwenye mashine huambiwa wasifunge, lakini jioni wanaketi mkekani na familia, na hakuna anayetaka kumnyima mgonjwa futari. Tende tatu kubwa, zile nene laini za kifahari, zina karibu 500. Tende ndogo za kawaida ni kama 50 kila moja. Kwa hiyo mpe moja ndogo, hata mbili. Juisi ya ukwaju au ya parachichi ampishe mwingine.

Wenye kisukari wanisikilize hapa. Sukari ikishuka, mmezoea kukimbilia juisi ya machungwa au ndizi. Kwa mgonjwa wa figo, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji kidogo. Sukari haina potasiamu, na inapandisha haraka vilevile. Kinyume chake, sukari ikiwa juu sana kwa kukosa insulini, potasiamu hutoka ndani ya chembe za mwili na kujaa kwenye damu hata kama hukula tunda lolote. Kuna na dawa, kama losartani, enalapril, spironolaktoni, zinazopandisha namba. Usiziache kwa uamuzi wako, mwambie tu daktari unazitumia. Na ukiona 6.9 kwa mtu ambaye siku zote ni 4.8, uliza kwanza kama damu iliharibika ilipokuwa inachukuliwa. Chembe zikipasuka kwenye sindano, zinamwaga potasiamu yake kwenye kichupa. Kipimo kirudiwe haraka, si wiki ijayo.

Turudi kwa mzee. Jumapili yake mpya tuliipanga pamoja na mkewe, maana ndiye mwenye sufuria. Asubuhi tufaha moja badala ya juisi. Mchana wali na nusu kikombe cha kabichi, au robo kikombe cha mchicha uliochemshwa kwa njia ile, na tui liwe jepesi. Jioni kikombe cha nanasi. Kiu akate kwa maji ndani ya kiasi alichopangiwa, na vipande vya barafu vya kumung'unya. Matunda na mboga za siku hiyo zikawa chini ya 700 badala ya 2,900. Dafu akalilalamikia sana. Tulikubaliana asilinywe kabisa kuanzia Ijumaa jioni mpaka Jumatatu, kwa sababu hapo mwili unakaa karibu saa 72 bila mashine, wakati siku nyingine ni 48, na huo ndio wakati tunaowapoteza watu.

Baada ya mazungumzo, mama mmoja kutoka nyuma aliuliza kuhusu ndizi mbichi za kupika, kwamba kwao Bukoba bila ndizi hakujapikwa. Nilimjibu hivi: ndizi mbichi ina potasiamu kama mbivu au zaidi, lakini ina faida moja, inachemshwa. Imenye, ikate vipande vidogo vyembamba, chemsha kwa maji mengi, mwaga, weka maji mapya, chemsha tena mpaka iive, mwaga hayo pia, halafu ndipo uunge. Sahani iwe ndogo, na siku hiyo kusiwe na mchicha. Akauliza, na mchuzi wake je? Mchuzi, mama, ndio uliomwagwa.